Diwani Aliyesemea Nyumbani

Kisiwani Kiwaani, kile kisiwa kikavu kilicho mbele ya Jibondo, mtu hakosolewi mbele za watu. Mwenye neno na mwenzake humfuata kwake baada ya sala ya alasiri. Hupiga hodi, akaketi, akanywa kahawa, akauliza habari za mgonjwa na za nazi, na pale anaposimama kuaga, kiatu kimoja tayari kiko mguuni, ndipo hulitoa neno lililomleta. Mwenyeji naye hujua kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa mkeka tu, na la mlangoni ndilo mgeni. Hakuna anayeapa wala anayeandika. Ukiambiwa "nimekusikia", basi umemaliza, nenda kalale.

Ndivyo alivyolelewa Matano bin Shaabani, fundi wa vyombo, na ndivyo alivyoishi mpaka ndevu zikawa nyeupe kama pamba ya kalafati. Kazi yake alijifunzia Jibondo, akiwa anashikishwa keekee ya kutobolea mbao na wajomba waliokuwa wakipima kwa jicho wala hawakosei. Wajomba hao wamekufa wote. Siku hizi mtu akitaka chombo hununua boti la plastiki Dar es Salaam, na pwani ya Kiwaani inayopigwa shoka na tezo la kuchongea imebaki moja tu, ya Matano na mwenzake Kheri, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko tezo.

Udiwani haukuwa ndoto yake. Wagombea wawili walioutaka waligombana hata wakaacha kuzikana. Huyu akifiwa, yule hatokei. Wazee wa chama wakachoka nao, wakaketi, wakatafuta mtu asiye na ugomvi na yeyote. Wakamwona Matano amechuchumaa chini ya mashua, anagonga pamba kwenye maungio ya mbao.

"Mimi siasa siijui," aliwaambia.

"Ndiyo maana tumekuja kwako," wakamjibu.

Angekataa. Lakini mkewe Umi, ambaye kwa kawaida hayaingilii mazungumzo ya wanaume, alisema kutoka ndani ya nyumba, sauti yake ikivuka pazia: "Mwulizeni kama akiingia huko, zahanati itapata paa."

Hapo ndipo shauri lilipoishia. Maana Umi ndiye mkunga wa Kiwaani. Nusu ya watu wa kisiwa wametua mikononi mwake kabla ya kuigusa dunia. Wauguzi walikwisha kumkataza. Kazi yake, walimwambia, ni kuwasindikiza wajawazito kwenye zahanati, si kuwazalisha. Naye alikubali kwa moyo mmoja, kwani mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunga macho na mikono nayo ilikuwa ikitetemeka. Ila zahanati inayofanya kazi iko ng'ambo ya maji, na uchungu haungoji maji yajae. Kwa hiyo aliendelea kuitwa, naye aliendelea kwenda, akipapasa.

Zahanati ya Kiwaani ilikuwepo, kama kuta zinaitwa zahanati. Wananchi waliambiwa: pandisheni boma hadi linta, halmashauri itamalizia paa, milango na sakafu. Wakapandisha. Na kisiwa hiki hakina maji matamu ya kutosha. Huletwa kwa mashua, kwa madumu. Kila nyumba ilitoa dumu lake la maji ya kunywa ili kukorogea saruji. Watoto walilala na kiu ili udongo ulowe. Zamani kidogo watu walikuwa bado wanaitika wakiitwa, na mbiu ikipigwa hata mwenye homa alitoka akasimama, japo ashike kamba. Boma likafika kwenye linta. Halafu mvua za masika zikaja, zikaenda, zikaja tena. Mbuzi wakahamia humo. Miti ya mpapai ikaota pale ambapo pangekuwa chumba cha wazazi.

Matano akachaguliwa, akaapishwa, akapelekwa semina Kilindoni pamoja na madiwani wenzake wapya. Alirudi na koti jipya, jina jipya la Mheshimiwa, na kitini kinene kilichobanwa kwa waya wa plastiki, kiitwacho Mwongozo wa Diwani.

"Haya, Mheshimiwa," Kheri alimpokea pwani, "umerudi na Kurani ya serikali. Tusomee basi, tuongoke."

"Nishushie mzigo kwanza, halafu unitukane."

"Mheshimiwa anabebewa siku hizi? Astaghfirullahi. Jana tu ulikuwa unanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo."

Matano alikuwa na elimu ya darasa la saba na miwani ya kununua sokoni. Kitini kile alikisoma kama mtu anayetembea juu ya mwamba wenye miiba ya baharini, hatua moja moja, akiogopa kuchomwa. Aliyemshika mkono alikuwa Warda, Mtendaji wa Kata, msichana wa Kirongwe aliyesomea utawala chuoni, mwenye ofisi katika chumba kimoja cha shule ya msingi. Kila alasiri Warda alikuja pwani, akaketi juu ya gogo, na Matano akaendelea na kazi yake huku akisikiliza. Mikono ikikaa bure masikio yake huziba.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Hapa hakuna Mheshimiwa, hapa kuna fundi. Leo tunasoma nini?"

"Leo tunasoma usivyokuwa," alisema Warda. "Wewe si Mkurugenzi. Fedha za halmashauri hazipiti mikononi mwako, husaini hundi, humwajiri mganga, humfukuzi mwalimu. Anayebeba dhamana ya fedha ni Mkurugenzi na wataalamu wake."

"Sasa mimi ni nani?"

"Wewe ni mdomo na jicho. Unasema wanachotaka watu, unapitisha mpango na bajeti, halafu unasimamia uone kama kilichopitishwa kimefanyika."

Kheri akacheka mpaka nyundo ikamtoka. "Mdomo! Wamemchagua Matano kuwa mdomo! Mtu ambaye hata kuposa aliposewa!"

Lakini Warda alikuwa mwalimu mzuri, na Matano hakuwa mjinga. Alielewa kwa njia ya kazi yake. Alimwambia Warda, naam, kumbe ni kama kuunda chombo. Kwanza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, huo ni makisio: halmashauri inakisia itapata nini kwa ushuru wake yenyewe wa samaki, wa nazi, wa korosho, wa wageni, na serikali kuu itatoa nini. Serikali ikishaweka ukomo wa matumizi, urefu wa mkuku umejulikana. Huwezi kubandika mbao zaidi ya mkuku wako. Halafu mataruma, zile mbavu zake, hayo ni vipaumbele: kijiji kinasema, kata inachuja, wataalamu wanaunganisha, kamati za kudumu zinapitia, Kamati ya Fedha inatazama jumla yake. Mwisho Baraza la Madiwani linapigilia mbao. Likishapigilia, chombo kinakwenda mkoani, kinakwenda wizarani, na mwaka wa fedha ukianza mwezi wa saba kinashushwa majini.

"Na mtu akiona taruma limesahauliwa?" aliuliza.

"Aseme kabla ya mbao kupigiliwa. Pale pale barazani. Ukisimama ukatoa hoja, tena ukaonyesha fedha zitoke kifungu gani ziende kifungu gani, pasipo kuuvuka ukomo, wenzako wanaweza kukubali. Baada ya hapo ni shida. Kuna uhamisho wa fedha, kuna mapitio ya nusu mwaka, lakini hiyo ni milango ya panya."

"Hilo nimelielewa," alisema Matano. "Huwezi kulitia taruma chombo kikiwa kimeshafunikwa."

Warda akafurahi. Akampigia mstari chini ya sentensi moja katika kitini, kwa kalamu nyekundu: Jambo lisilosemwa ndani ya kikao halikusemwa. Matano aliisoma kwa sauti mara mbili, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja chakula cha kigeni, akageuza ukurasa.

Ajabu ya mwanadamu ni hii, kwamba akili ikubali neno na damu ilikatae.

Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikutana katika darasa la tatu, Matano akiwa mwenyekiti kwa cheo chake na Warda katibu. Wenyeviti wa vijiji walikuja, na mzee Abeid, msimamizi wa msikiti, na wanawake wa mwani ambao vidole vyao vilikuwa vimechubuliwa na chumvi. Hapakuwa na ubishi. Paa la zahanati kwanza, mengine yafuate. Mwanamkuu, kiongozi wa wakulima wa mwani, alisimama akasema maneno ambayo Matano hakuyasahau.

"Mheshimiwa kaka yangu, kuta zile zilikunywa maji ya watoto wetu. Tuliambiwa tutoe, tukatoa. Sasa nakwambia mbele ya Mungu, safari hii paa lisipokuja, mbiu ya Kiwaani ikilia tena, mimi sitatoka. Na wanawake hawatatoka."

"Litakuja, inshallah," Matano alijibu.

"Usiniambie inshallah ya kunifukuzia. Nipe inshallah yenyewe."

Watu wakacheka. Matano pia alicheka, kisha akaenda nyumbani. Umi alikuwa anachambua mchele kwa vidole, uso umeelekea ukutani.

"Wamesema?"

"Wamesema."

"Na wewe utasema huko mbele?"

"Nitasema, Mama Luqmani."

"Maana mimi, baba, siku hizi nakata kitovu kwa kukisia."

Maombi ya kata yakaenda Kilindoni. Yakaingia katika mfumo wa kompyuta wa mipango, yakachanganyika na maombi ya kata nyingine, na hapo yakakutana na kitu kisichoonekana, ukomo. Ukomo wa mwaka ule ulikuja mfupi kuliko walivyotarajia. Wataalamu wakakaa na vigezo vyao: maboma yapi yakamilishwe kwanza? Yanayohudumia watu wengi zaidi. Kiwaani ni watu wachache. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyemchukia mtu. Walipiga mstari tu, na Kiwaani ikaangukia chini ya mstari.

Kabrasha la Baraza la Bajeti lilifika kwa Warda siku chache kabla ya kikao. Alikuja nalo pwani anatembea haraka, mtandio umemteleza.

"Mzee Matano, zahanati haimo."

Mkono uliokuwa na nyundo ukashuka polepole. "Umetazama vizuri?"

"Nimetazama sekta ya afya mwanzo hadi mwisho. Haimo." Akafungua kabrasha juu ya ubao wenye maranda. "Lakini tazama hapa. Ukarabati wa ukumbi wa mikutano. Mapato ya ndani, fedha za maendeleo. Hiki hakimwui mtu kikisubiri mwaka. Asilimia kumi ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu hiyo usiiguse, ni ya kisheria. Mishahara si yetu. Lakini ukumbi unaweza kuugusa. Utasimama useme: Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba fedha za kifungu hiki zihamishiwe ukamilishaji wa zahanati ya Kiwaani. Nimekuandikia. Ni maneno machache."

Matano aliyatazama maneno yale machache. "Ukumbi huu ndio wanaoketi wao?"

"Ndiyo."

"Nani aliyetaka ukarabatiwe?"

Warda alisita. "Mwenyekiti wa Halmashauri aliahidi."

"Ridhwan?"

"Bwana Ridhwan, ndiyo."

Matano aliweka nyundo chini. Alimjua Ridhwan. Ni mtu wa ukoo wa wenye mashamba ya minazi, wenye damu ya Oman na adabu ya kale. Babu yake alikuwa akimpa babu wa Matano nazi za futari bila kuulizwa. Sasa eti yeye asimame mbele ya watu, amwambie Ridhwan: toa pambo la nyumba yako unipe mimi?

"Nitamfuata nyumbani," alisema.

"Mzee, hapana."

"Mwanangu, mtu mzima havuliwi kanzu sokoni."

"Si kumvua kanzu! Ni utaratibu. Akikubali nyumbani halafu usiseme barazani, katibu ataandika nini? Hawezi kuandika kahawa mliyokunywa."

Kheri alikuwa akisikiliza, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. "Msikilize mtoto, Matano. Watu wa leo neno la mlangoni hawalijui."

"Ridhwan analijua," Matano alisema. "Ridhwan amelelewa."

Akavuka siku moja kabla ya kikao, na tenga la kamba wawili wakubwa na kikapu cha mapapai ya Umi. Nyumba ya Ridhwan ilikuwa na ukumbi wa baridi na mlango wa nakshi, pengine wa mwisho uliobaki mjini ambao haujauzwa kwa wageni. Ridhwan alimpokea kwa mikono miwili. Mkewe Wafaa akaleta halua na kahawa. Wakaulizana hali. Wakazungumza habari za bei ya nazi, na mvua, na jinsi vijana wasivyojua hata kukaribisha mgeni. Juu ya hilo walikubaliana sana, wote wawili wakatikisa vichwa kwa huzuni tamu.

Kisha Matano alisimama kuaga. Akavaa kiatu kimoja.

"Sheikh, nimeona kabrasha. Kule kwetu Kiwaani kuna kuta zinasubiri paa. Nami nimeona kuna ukumbi. Nikasema, pengine ukumbi unaweza kusubiri kidogo, na wazazi hawawezi."

Ridhwan alimtazama. Uso wake ulikuwa mpole kweli. Matano atakuja kuukumbuka mara nyingi na kila mara ataukuta mpole.

"Nimekusikia, Mzee Matano," alisema. "Nimekusikia sana. Inshallah."

Matano akavaa kiatu cha pili, akatoka. Njiani akatoa karatasi ya Warda mfukoni, akaikunja mara nne, akairudisha. Kazi ilikuwa imekwisha.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mwenyekiti katikati, Mkurugenzi pembeni yake kama katibu wa baraza, wakuu wa idara nyuma na makabrasha yao. Matano alikaa na koti lake na kitini mapajani. Afisa Mipango akaisoma rasimu, sekta baada ya sekta. Ilipomalizika, Mwenyekiti Ridhwan akafungua mjadala.

Wa kwanza kusimama alikuwa Thuwaiba, diwani wa viti maalumu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia dagaa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nina jambo na hili suala la ukumbi. Ukumbi huu una kasoro gani? Mimi nimekaa, hakuna kilichoniangukia. Shule ya kata yetu wasichana wanajisaidia vichakani. Naomba nusu ya fedha za ukumbi ziende kwenye matundu ya vyoo."

Watu wakaguna. Matano aliinamisha kichwa kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyetukanwa. Mbele ya watu! Akamtazama Ridhwan kwa kumhurumia. Ridhwan wala hakukunja uso. Alimwuliza Afisa Mipango kama jambo hilo lilikuwa ndani ya ukomo. Akajibiwa linawezekana. Diwani mwingine akaunga mkono. Ikaulizwa, wakaafiki. Katibu akaandika. Matundu ya vyoo yakapatikana kwa muda wa kumenya ndizi, na Thuwaiba akaketi akifuta jasho, wala hakuonekana kama mtu aliyemvunjia mtu heshima.

"Nusu nyingine ya ukumbi ipo," alinong'ona diwani aliyekuwa jirani na Matano, Iddi wa upande wa kaskazini. "Mzee, si ulisema una boma? Simama."

"Nimekwisha kusema," Matano alinong'ona.

"Umesema saa ngapi?"

"Nyumbani."

Iddi alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyepiga simu kwa kiatu.

"Wapo wengine wenye mchango?" aliuliza Mwenyekiti. Akatupa macho ukumbini pole pole. Yakapita kwa Matano, yakasimama kidogo. Matano alimjibu kwa kuinamisha kichwa, ile ishara ya mtu mwenye siri nzuri na mwenzake: usijali, sitakuaibisha, malizia wewe mwenyewe kwa heshima yako.

Karatasi ya Warda ilikuwa mfukoni, juu ya moyo. Angeitoa. Magoti yalitaka, kwa muda yalitaka. Lakini miaka yote ya maisha yake ilimkalia mabegani ikamwambia: kaa, umeambiwa amekusikia.

"Hakuna? Basi, nawahoji. Wanaoafiki makisio haya pamoja na marekebisho yaliyofanywa, waseme ndiyo."

"Ndiyo!" ukumbi ukaitika.

Na Matano naye alisema ndiyo.

Alingoja. Alidhani sasa Ridhwan ataongeza neno. Ridhwan akamshukuru kila mtu, akamwomba Sheikh Ahmed afunge kwa dua. Dua ikasomwa. Viti vikaanza kuburuzwa.

Nje, chini ya bendera, Matano alimngoja mpaka watu wakapungua.

"Sheikh. Lile letu."

"Lipi, Mzee wangu?"

"La kuta."

Ridhwan akashika mkono wake, akaufunika kwa mkono wa pili. "Mzee Matano, ulipokuja kwangu nilifurahi mno. Nikasema kesho Mzee atasimama na mimi nitamwunga mkono; nilikutazama pale, nikakungojea. Kiti kile hakiwezi kutoa hoja. Mwenyekiti hujibu kilicholetwa. Hukuleta."

"Ulisema umenisikia."

"Nilikusikia," alisema Ridhwan, na kweli macho yake yalikuwa na huzuni. "Lakini halmashauri haikukusikia."

Makisio yakapelekwa mkoani.

Matano hakuwaambia watu siku ile. Alimwambia Warda, ambaye aliketi kwenye gogo lake akaanza kutafuta milango ya panya kwenye kanuni. Walete hoja upya? Jambo lililokwisha kuamuliwa halirudishwi barazani kabla ya miezi sita kupita, ila kwa njia ngumu zinazohitaji saini za wenzake wengi, na nani angeweka saini kukifumua kitu ambacho kimempatia kata yake choo, barabara au darasa? Mapitio ya nusu mwaka? Hugawa tena kilichobaki, hakibaki kitu. Mfadhili? Mkurugenzi akasema waandike barua. Wakaandika. Barua ilikuwa nzuri sana.

Kikao cha Baraza cha robo mwaka kilipofika, jambo la mwanzo baada ya kufungua lilikuwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ukurasa kwa ukurasa. Walipofika kwenye ukurasa wa bajeti, Matano akanyanyua mkono. Ulikuwa mkono wa fundi, mkubwa, wenye kovu la tezo, na ulipopanda ukumbi wote uliuona.

"Mheshimiwa Matano."

Alisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nataka kusema habari ya zahanati ya Kiwaani."

Mwenyekiti alisema kwa upole, "Mheshimiwa, tuko kwenye kuthibitisha muhtasari. Hapa tunasahihisha tu kilichoandikwa vibaya. Je, kuna kilichoandikwa vibaya?"

Matano alivaa miwani yake, akasoma. Ilikuwa imeandikwa kwamba makisio yalijadiliwa, kwamba Mheshimiwa Thuwaiba alitoa hoja, kwamba hapakuwa na mchango mwingine, kwamba wajumbe wote waliafiki. Alisoma tena, akitafuta uongo. Hapakuwa na uongo hata mmoja. Maisha yake yote hajawahi kuandikwa kwa usahihi kama pale.

"Hakuna," alisema, akaketi.

Kiwaani walikwisha kujua. Habari huvuka maji kabla ya mwenyewe. Alishuka ufukweni, akaamkiwa kama kawaida. Vijana wakasema shikamoo, Mwanamkuu akamwuliza hali ya safari, mzee Abeid akamwombea dua. Hakuna aliyemtolea neno. Alijua adabu hiyo, naye aliishukuru moyoni. Wangekuja nyumbani. Ndivyo ilivyo, mtu mzima hukosolewa kwake. Mwanamkuu angekuja, na Abeid, na wenyeviti wa vijiji, wangeketi, wangekunywa, na mlangoni wangemwambia: Matano, umetuangusha. Naye angewaomba radhi, na baada ya radhi mbiu ingepigwa tena, pengine wangepata makuti, pengine wangefunika japo chumba kimoja cha wazazi.

Baada ya alasiri akatandika mkeka mpya barazani. Akamwomba Umi achemshe kahawa ya kutosha.

"Ulisema?" Umi aliuliza kutoka ndani.

"Safari hii nilisema."

"Wakasemaje?"

"Wakasema imeandikwa sawasawa kwamba nilinyamaza."

Ilisikika sauti ya birika likiwekwa chini.

Kahawa ikapoa. Watu walipita njiani, wakasalimia vizuri kabisa, wakaenda zao. Kheri pekee alikuja, akasimama nje ya uzio, hakupiga hodi.

"Hawaji, Matano," alisema.

"Kesho labda."

"Mtu humfuata mtu nyumbani akiwa bado anatarajia kitu kwake," alisema Kheri. Hakuongeza mzaha wowote. Akaondoka.

Siku zile zile mpiga mbiu alipita kuwaita watu wakang'oe mipapai ndani ya boma kabla haijapasua kuta. Ni Warda aliyemtuma. Alizunguka kisiwa kizima akipiga. Milango ilikuwa wazi, watu wamekaa ndani, wanamsikia. Hakutoka mtu. Katika umri wake wote Matano hajapata kuisikia mbiu ya Kiwaani ikilia peke yake, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani.

Akachukua panga, akaenda mwenyewe. Alikuwa ameung'oa mmoja tu alipoona mtu anakuja akikimbia kutoka upande wa mwani. Alikuwa mume wa Nusra, binti wa Mwanamkuu. Hakumtazama Matano usoni.

"Namtaka Mama Umi. Nusra ameshikwa na uchungu, na bahari imekupwa, chombo hakielei."

"Yuko nyumbani," alisema Matano.

Muda si muda aliwaona wakipita nje ya kuta, pale ambapo pangekuwa dirisha. Umi alikuwa ameshikwa mkono na yule kijana, kikapu chake begani, uso umeinuliwa kidogo kama wanavyofanya watu wasioona, anapapasa ardhi kwa mguu kabla ya kuikanyaga. Alipita bila kujua kwamba mumewe yuko mle ndani. Matano alifungua kinywa amwite. Kisha akakifunga, akainama, akaushika mpapai wa pili kwenye shina.